Si Kila Muwasho ni Fangasi: Mfungueni Mtoto Mumuangalie

SEHEMU YA 1

Hii posti ni ndefu, nimeikata vipande sita. Kama unaona haya kuisoma mbele za watu, isome usiku ukiwa peke yako, ila isome. Nitataja sehemu za siri kwa majina yake. Mimi ni nesi, kazi yangu haina lugha ya mafumbo, na mafumbo ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Nimechoka na neno "fangasi". Mama anakuja hapa Mtabila au anakwenda Kasulu mjini, anasema anawashwa huko chini. Hajavuliwa nguo, hajalazwa kitandani, hajamulikwa hata na tochi ya simu. Daftari limeshaandikwa: fangasi. Anapewa klotrimazoli ya kupaka au ya kuweka, anaambiwa apunguze sukari, kwaheri. Mwezi ujao anarudi na hadithi ileile, anapewa dawa ileile. Mara ya tatu anaongezewa flukonazoli ya kumeza. Mara ya nne anaambiwa amlete mume. Mara ya tano hatumuoni tena, ameshaingia kwa mganga au anajisugua na maji ya chumvi.

Na kabla hujasema huyu nesi anawasema wenzake, ngoja nianze na mimi. Mtoto nitakayewaeleza hapa chini nilimpa klotrimazoli kwa mkono wangu huu. Mara mbili. Mara ya kwanza sikumvua hata chupi, foleni ilikuwa ndefu na mama yake alikuwa anaona aibu, na mimi nikaitumia ile aibu yake kama kisingizio.

Kwenye vituo vyetu tumefundishwa kutibu kwa dalili. Mama akisema anatoka uchafu ukeni na anawashwa, kuna mlolongo wa dawa tunaoufuata bila kusubiri maabara. Mlolongo huo umesaidia watu wengi, siupingi. Ila umeanza na neno UCHAFU. Mwanamke asiyetoka uchafu wowote, asiye na harufu, ambaye anawashwa nje kwenye ngozi tu, miezi na miezi, huyo hana biashara kwenye mlolongo ule. Shida yake iko kwenye ngozi. Na ngozi haitibiwi kwa kuulizwa maswali mezani, inatibiwa baada ya kuangaliwa.

Halafu mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo, na ameshaacha kuvaa nepi, fangasi ya ukeni kwake ni kitu adimu. Adimu kweli. Fangasi inapenda uke wenye homoni za mwanamke aliyepevuka, wa mtoto wa miaka mitano au sita hauna hizo. Kwa hiyo ukiona mtoto wa umri huo ameandikiwa dawa ya fangasi kwa mara ya pili, uliza swali moja: "Nesi, umemuangalia?"

SEHEMU YA 2

Sasa nikupe kisa. Nimebadilisha vitu vidogo ili mtu asitambulike, ila ugonjwa ni huohuo.

Mtoto wa kike, miaka sita, darasa la awali. Anatoka vijiji vya upande wetu huu, wengi mnaupajua kwa ile kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofungwa mwishoni mwa 2012. Alikuwa na miezi minane ya kuwashwa. Usiku ndiyo balaa, anajikuna mpaka analia, mama anamfunga kanga miguuni ili asijikune. Akikojoa analia kwamba panachoma. Na kitu kingine ambacho hakuna aliyekiunganisha: alikuwa anazuia haja kubwa. Siku tatu, nne, hataki kwenda chooni. Mama alidhani ni ukaidi, akamchapa.

Alishapewa dawa ya minyoo. Hapo sina ugomvi na mtu, kwa sababu minyoo ile midogo kama uzi mweupe hutoka usiku kwenye njia ya haja kubwa na kuwasha kwelikweli. Mtoto anayewashwa usiku, kumpa dawa ya minyoo ni sawa, na kurudia baada ya wiki mbili ni sawa. Lakini akishapewa mara mbili na bado anawashwa vilevile, minyoo imeshatoka kwenye orodha. Kupewa mara ya tatu ni kukwepa kazi.

Alishapewa na dawa za UTI pia, kwa sababu ya kile kilio cha mkojo. Mkojo haukuwahi kupimwa. Ulipopimwa, ulikuwa safi.

Siku moja mama akaona vidoa vya damu kwenye chupi. Jirani naye akaona, wakati nguo zinaanikwa. Basi. Ndani ya siku mbili kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba mtoto ameingiliwa, na aliyemwingilia ni mdogo wake baba anayelala nyumba ileile. Yule kijana alikimbia usiku kwa kuogopa kupigwa. Mama mkwe akahamisha mtoto. Mama alikuja kwetu na PF3 mkononi, hajala, sauti imemkauka.

Safari hii tulimwangalia.

SEHEMU YA 3

Nataka ujue mtoto anavyoangaliwa, ili usiogope na ili ujue kama kweli ameangaliwa. Mtoto anakaa au analala mapajani kwa mama yake, miguu imekunjwa na magoti yamefunguka kama chura. Mwanga wa kutosha. Anayempima anashika mashavu ya nje ya uke kwa vidole viwili kila upande na kuyavuta taratibu kuja nje na chini kidogo. HAKUNA KITU KINACHOINGIZWA NDANI. Wala kidole wala pamba. Kisha anageuzwa kidogo na njia ya haja kubwa inaangaliwa. Dakika mbili zimeisha.

Tulichokiona ni hiki. Ngozi ya mashavu ya ndani na kuzunguka kinembe ilikuwa nyeupe. Si weupe wa unga wa kufutika, ni ngozi yenyewe iliyopoteza rangi yake na kung'aa kidogo. Ilikuwa nyembamba na yenye makunyanzi madogomadogo, kama karatasi laini uliyoikunja mkononi halafu ukaikunjua. Weupe ule ulishuka pande zote mbili ukaenda kuzunguka njia ya haja kubwa, ukachora kitu kama namba 8. Kulikuwa na nyufa mbili nyembamba, moja juu karibu na kinembe na nyingine kwenye njia ya haja kubwa. Na kulikuwa na vidoa vyekundu-zambarau, damu iliyovilia chini ya ngozi. Ndivyo vilivyotoa damu kwenye chupi. Ngozi ile ni nyepesi mno, mtoto akijikuna kwa kucha mishipa midogo inapasuka.

Ugonjwa huu unaitwa laikeni sklerosasi. Jina gumu, usilihangaikie, liandike tu kwenye simu yako kama nilivyoandika ili siku ukimwona daktari umtamkie. Kinga ya mwili inaishambulia ngozi ya mwili wenyewe. Hauambukizi. Hautokani na uchafu, wala ngono, wala chupi mbichi, wala mama kutomwogesha mtoto vizuri. Unapenda makundi mawili: wasichana wadogo kabla ya kuvunja ungo, na wanawake waliokoma hedhi. Katikati hapo pia unatokea, ila kidogo. Huyu mtoto alikuwa hapo hapo kwenye kundi la kwanza.

Na haja kubwa? Sasa umeelewa. Ufa kwenye njia ya haja kubwa, kila akienda chooni unachanika upya. Mtoto akajifunza kuzuia. Akizuia, choo kinakuwa kigumu. Kikitoka, kinachana zaidi. Na sisi tulimchapa kwa ukaidi.

Rangi yetu inasaidia hapa, weupe unaonekana haraka kwenye ngozi nyeusi. Lakini inachanganya pia, kwa sababu kuna mbalanga, ule ugonjwa wa ngozi kupoteza rangi tu. Tofauti ni kwamba mbalanga haiwashi, haichaniki, na ukiigusa ngozi ni ya kawaida, laini. Laikeni inawasha na ngozi yake imebadilika.

Magonjwa mengine ya ngozi ya huko chini nayapitia haraka. Kuna ngozi iliyoungua kwa sabuni, dawa za kuua vijidudu na pedi: inakuwa nyekundu au nyeusi zaidi, inachoma kuliko kuwasha, na inapoa ukiacha kile kitu. Kuna ngozi iliyonenepa kwa kukunwa miaka, inakuwa ngumu na mistari mirefu kama ngozi ya goti, hii ni ya watu wazima zaidi. Kuna soriasisi, mabaka mekundu yenye mpaka ulionyooka, na mara nyingi utaikuta pia kichwani au kwenye viwiko. Hizo zote ni ngozi, na hakuna hata moja inayopona kwa dawa ya fangasi.

SEHEMU YA 4

Hapa nitasema kwa uangalifu, na nawe soma kwa uangalifu.

Laikeni inaweza kufanana na mtoto aliyeumizwa. Damu, michubuko, nyufa, mtoto anayelia akiguswa. Ndiyo maana kuna familia zimevunjika na kuna watu wamepigwa kwa kosa ambalo halikuwepo. Lakini usitoke hapa ukasema nesi amesema damu kwenye chupi ni ugonjwa wa ngozi tu. HAPANA. Mtoto anaweza kuwa na laikeni NA akawa ameumizwa. Kimoja hakifuti kingine. Na watoto wengi walioingiliwa ukiwapima huoni alama yoyote, kwa hiyo hata kipimo kisafi hakimtakasi mtu.

Tulichofanya ni hiki: mtoto aliongea na afisa ustawi wa jamii, mama akiwa nje, kwa maneno ya kitoto na kwa Kiha, bila kumlisha majibu. Hakutaja mtu. Tabia yake ilikuwa ya kawaida, haogopi wanaume wa nyumbani, dalili zilianza taratibu miezi minane nyuma kabla yule kijana hajahamia pale. Na zile alama zilikuwa kwenye ngozi ya nje yote mpaka nyuma, na weupe ule hautengenezwi na jeraha la siku moja. Laikeni inakaa kwenye ngozi ya nje, haiingii ndani ya uke. Tuliandika kila kitu kwenye ile fomu, tukaandika na jina la ugonjwa, tukarudisha Dawati la Jinsia na Watoto. Tulimpeleka hospitali ya juu, mtaalamu wa ngozi akaangalia na kukubaliana nasi bila hata kukata kinyama, kwa mtoto ikiwa wazi hivyo hakuna haja.

Kitu kingine, na hiki ni ugomvi wangu na vijana wa kisasa, hata wahudumu wenzangu: usipige picha sehemu za siri za mtoto ukaituma kwenye kundi la watsapu "wataalamu wanisaidie". Picha ile haifutiki duniani. Eleza kwa maneno. Meupe, nyembamba, imezunguka kama namba 8, ina nyufa na damu iliyovilia. Mtaalamu atakuelewa.

SEHEMU YA 5

Sasa dawa, na hapa ndipo nilipopigana na watu wengi zaidi.

Dawa ya laikeni ni steroidi kali ya kupaka. Si ile nyepesi. Haidrokotizoni asilimia moja, ile ambayo kila duka linayo, kwa ugonjwa huu ni kama kuzima moto wa pori kwa kikombe. Inayotumika duniani kote ni klobetasoli ya nguvu ya asilimia 0.05, na hata kwa watoto ndiyo inayotumika, chini ya usimamizi. Bora iwe ile nzito inayong'aa kama vaselini, kuliko krimu nyeupe, kwa sababu krimu inachoma kwenye nyufa.

Mama akaenda duka la dawa na karatasi. Mwenye duka akacheka. Akamwambia, "Mama, hii ni dawa ya mkorogo, hii wanapaka wanaotaka kuwa weupe. Utamuunguza mtoto. Na karatasi ya ndani imeandikwa isipakwe sehemu za siri." Akampa mrija mwingine, ile krimu ya tatu kwa moja: fangasi, bakteria na steroidi pamoja.

Nisikilize vizuri. Mwenye duka hakusema uongo wote. Kweli klobetasoli imo kwenye mikorogo mingi inayouzwa kwa siri, na kweli imeharibu ngozi za dada zetu. Lakini angalia walivyoitumia: uso, shingo, mikono, mwili mzima, mara mbili kwa siku, miaka. Mrija kwa wiki. Hapo ngozi inakuwa nyembamba, inatoa michirizi, chunusi, na dawa inaingia kwenye damu mpaka mwili unasahau kutengeneza homoni zake. Sisi tunazungumzia eneo linalofunikwa na kitu kidogo kama punje ya haragwe, kwa ratiba inayopungua. Na ugonjwa wenyewe ndio unaoifanya ngozi kuwa nyembamba. Dawa inauzuia ugonjwa, na ngozi inarudi kuwa imara. Ile karatasi ya ndani imeandikwa kwa ajili ya mtu anayenunua bila kuangaliwa. Ukishaangaliwa na kuandikiwa, fuata aliyekuangalia.

Ile tatu kwa moja ndiyo mbaya, na ndiyo inauzwa mno. Ina steroidi, kwa hiyo siku mbili tatu muwasho unapoa, mama anasema imepatikana. Akiacha unarudi. Na zile dawa nyingine zilizochanganywa humo zinaweza kuchoma ngozi iliyochanika na kuleta mzio mpya juu ya ugonjwa wa zamani. Unabaki hujui unatibu nini. Na kama ni fangasi ya kweli, steroidi inaificha huku inaenea. Ndiyo maana nasema kuangalia kwanza, dawa baadaye.

Ratiba ya huyu mtoto ilikuwa hivi: kila usiku kwa wiki nne, kisha usiku mmoja baada ya mwingine kwa wiki nne, kisha mara mbili kwa wiki kwa wiki nne. Wiki kumi na mbili.

Hebu tupige hesabu pamoja, kwa sababu hesabu ndiyo inatoa hofu. Wiki nne za kila usiku ni mara 28. Wiki nne za kuruka usiku mmoja ni mara 14. Mara mbili kwa wiki kwa wiki nne ni mara 8. Jumla mara 50. Kwa mwanamke mzima, ukikamua dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada mpaka mkunjo wa kwanza, unapata karibu nusu gramu. Mara 50 ni gramu 25. Yaani mrija wa gramu 30 unamtosha mama mzima miezi mitatu na unabaki. Mtoto huyu alipangiwa nusu ya hapo, kwa hiyo kama gramu 12 na nusu, mrija wa gramu 15 unamtosha. Ukiona mrija wako wa gramu 30 umeisha ndani ya wiki mbili, unapaka nyingi mno. Ukiona umepita miezi mitatu na bado umejaa, hujatibu.

Unapaka kwenye ile ngozi nyeupe tu, safu nyembamba, ikiwemo kuzunguka njia ya haja kubwa kama imefika huko. Unanawa mikono. Basi.

Mama alipaka siku nne. Mtoto akalala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, na mama akaacha dawa, kwa kuwa maneno ya mwenye duka yalikuwa bado kichwani. Wiki tatu baadaye wakarudi, nyufa zimefunguka. Sikumgombeza. Nilimwambia kupoa kwa muwasho si kupona kwa ngozi, muwasho hutangulia kutulia, ngozi inafuata taratibu. Tulianza upya, siku ya kwanza.

Na kuhusu kuoga. Maji matupu. Hakuna sabuni ya kipande, hakuna dawa ya kuua vijidudu kwenye beseni, hakuna chumvi, ndimu, shabu wala maji ya majani. Nimewakuta kina mama wanamkalisha mtoto mwenye nyufa kwenye maji ya chumvi, mtoto anapiga kelele, na wanasema ndiyo dawa inafanya kazi. Mnamtesa. Vaselini ya kawaida, isiyo na manukato, pakaa mara mbili tatu kwa siku na kabla ya kwenda kukojoa ikiwa panachoma. Mkojo ukichoma sana, akojoe akiwa amekaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Choo kilainishwe: maji ya kunywa, mapapai, mboga, na dawa ya kulainisha kama ikihitajika. Usipotibu choo, ule ufa wa nyuma hauponi hata ukipaka klobetasoli ya duka zima.

SEHEMU YA 6

Hii ni ya bibi zetu na mama zetu wakubwa, maana wao ndio hawaji kabisa.

Mwanamke aliyekoma hedhi, anawashwa miaka, anaona ni uzee. Tendo la ndoa linaumiza, panachanika, analiacha, mzee ananuna au anaoa mwingine. Akija, kwa bahati, tunakuta mashavu ya ndani ya uke hayapo. Yamemezwa na makovu, yameungana na ya nje. Kinembe kimefunikwa. Mlango wa uke umebana. Hayo yakishatokea dawa haiyarudishi. Inazuia yasiendelee na inaondoa muwasho, lakini kilichoungana kimeungana, labda upasuaji. Kwa hiyo usisubiri.

Na kuna saratani. Wanawake wazima wenye laikeni isiyotibiwa, wachache kati yao, chini ya watano katika mia, hupata saratani ya ngozi ya sehemu za siri za nje. Mwaka 2015 madaktari wa Sidni, Australia, walitoa taarifa ya wanawake 507 wenye ugonjwa huu, wakiwa wamewafuatilia karibu miaka mitano kwa wastani. Waliotumia dawa ya steroidi kama walivyoelekezwa, 357, hakuna hata mmoja aliyepata saratani au mwanzo wake. Wale 150 waliotumia ovyo ovyo au kuacha, saba walipata. Hizi ndizo namba ninazowaonyesha wanaoniambia dawa kali ni hatari.

Kwa hiyo mama mwenye ugonjwa huu akiona kidonda kisichofunga, uvimbe mgumu, au sehemu iliyonenepa ambayo haipoi kwa dawa, asiongeze dawa nyumbani. Aende akatwe kinyama kipimwe. Huyo si wa kupaka na kusubiri.

Mtaniuliza, wataalamu wako wapi? Ni kweli ni wachache. Wengi wa watabibu wa ngozi waliotapakaa mikoani wamepita kwenye kile chuo cha ngozi cha Moshi, pale KCMC, kilichoanza 1992, kinachofundisha maafisa tabibu magonjwa ya ngozi. Uliza kwenye hospitali yako ya wilaya au ya mkoa kama yupo mmoja na kliniki yake ni siku gani. Mkifika, mwambie neno kwa neno: "Nawashwa nje kwenye ngozi, sitoki uchafu, nimetumia dawa ya fangasi mara kadhaa haijasaidia, naomba uniangalie." Ukisema tu "nawashwa", unajua utakachopewa.

Yule mtoto? Wiki ya kumi na mbili tulimuangalia tena. Nyufa zimefunga, hakuna damu, ngozi imelainika, anakwenda chooni kila siku bila fimbo. Weupe kidogo umebaki upande mmoja, na huo unaweza kubaki, hatuutibu kwa rangi. Sasa anapakwa mara moja kwa wiki, na muwasho ukianza kurudi mama anajua kurudi kwenye kila usiku kwa siku chache na kuniita. Zamani ilikuwa inasemwa ugonjwa huu unaondoka wenyewe msichana akivunja ungo. Wengi wanaendelea nao, kwa hiyo ataangaliwa kila baada ya miezi sita mpaka awe mkubwa, na kadi yake imeandikwa jina la ugonjwa kwa wino mwekundu.

Baba mdogo alirudi nyumbani mwezi wa pili. Jirani yule hajaomba radhi. Mama yake aliniuliza, "Dada nesi, yale matibabu ya mwanzo nani alimpa?" Nikamwambia, mimi.

Zamu yangu ni asubuhi wiki hii yote. Chumba cha pili, kina pazia, na taa ya kupimia imetengenezwa.